"Mteja anajua anachotakiwa kuleta"

Kila mwaka ikikaribia Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi TRA kwa wanaofunga hesabu Desemba, wahasibu vijana huniambia maneno yaleyale: "Mteja anajua anachotakiwa kuleta. Nimemkumbusha mara nne, ananipuuza tu." Naomba kuuona ujumbe wenyewe. Karibu kila mara ni huu: "Habari bosi, bado tunasubiri nyaraka zako."

Bosi huyo hajapuuza. Anaamini ameshaleta. Alituma mafaili saba mwezi wa tatu, na kwake kazi imekwisha. "Nyaraka" haimwambii kilichobaki, na "bado" inamwambia amekosea. Akiudhika, ananyamaza.

Mwaka jana niliketi na kijana mmoja tukafungua mafaili ya mteja wake, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Taarifa ya benki ilikuwepo, ila iliishia Oktoba 14. Mzee aliichukua tawini siku alipokuwa akiomba mkopo, akatutumia hiyohiyo. Tukamwandikia:

"Shikamoo Mzee. Taarifa ya benki tumeipata, asante. Inaishia Oktoba 14. Ili tufunge mwaka, tunahitaji ya Oktoba 15 hadi Desemba 31 ya akaunti hiyohiyo. PDF ya benki inatosha, si lazima kuchapisha. Ikifika Alhamisi, rasimu ya hesabu utaipata Jumatano inayofuata."

Ilifika kesho yake asubuhi. Angalia vitenzi: inaishia, ikifika. Kinachotajwa ni karatasi, si mtu. "Hujatuma" inamnyooshea mzee kidole. "Inaishia Oktoba 14" inamwonyesha pengo. Lakini huwezi kuandika hivyo kabla ya kufungua kila faili na kusoma tarehe, na hapo ndipo vijana wengi wanaponichosha: wanakumbusha kitu ambacho wenyewe hawajakikagua. Mara mbili nimekuta karatasi "iliyopotea" iko kwenye droo yetu.

Wengine hudhani heshima ni kurundika "samahani kwa usumbufu". Samahani tatu kwenye ujumbe mmoja humfanya mteja aone jambo lenyewe linaweza kusubiri. Salamu na shukrani zinatosha.

Wapo wanaosema simu imemaliza. Kwa watu wazima simu ni nzuri, piga. Kisha andika mlichokubaliana, kwa sababu atakayekwenda benki huenda ni binti yake wa dukani, na yeye hakuwa kwenye simu.

Na mteja akiwa kampuni, kumtumia mkurugenzi nakala ya ujumbe ili keshia wake ashtuke? Hiyo ni shutuma tayari. Muulize keshia kwanza kama ana ruhusa ya kuitoa taarifa hiyo; mara nyingi benki inataka saini ya mtu aliye safarini.

Ujumbe wa pili ukikosa jibu, usiandike wa tatu. Piga uulize: "Kuna kinachokwama benki, tuwaandikieni barua ya kuombea?" Na kama karatasi haitawahi, mweleze mteja mapema, kwa sababu maombi ya kuongezewa muda hupelekwa TRA kabla ya tarehe ya mwisho, si baada yake.