Hija na kisukari: mkoba wa mkononi wa mzee wetu wa Kondoa
(Video fupi. Daktari, chumba cha kliniki ya kisukari, Dodoma. Mezani: mkoba, chupa ya chai, kandambili.)

Asalaam alaykum. Tuchukulie mzee wa Kondoa, miaka 64, anachoma insulini asubuhi na jioni. Anakwenda Hija. Leo tunampangia mkoba wa mkononi tu, maana begi kubwa linaweza kuchelewa kufika.

(Karibu: kadi ya chanjo.)
Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ya makundi A, C, W na Y, achomwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Jina kwenye kadi, pasipoti na barua ya daktari liwe lile lile, herufi kwa herufi. Barua iandike ugonjwa na majina ya dawa, na dawa zibaki kwenye pakiti zake. Mwenye kutumia tramadol au kodeini aseme mapema; Saudia dawa hizo zina masharti makali.

(Karibu: chupa ya chai.)
Saa zetu na za Makka ni moja, kwa hiyo muda wa sindano haubadiliki. Kinachobadilika ni joto. Insulini inayotumika hukaa nje ya friji wiki 4 hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na Mina huweza kupita 40. Suuza chupa ya chai kwa maji baridi, yamwage, kisha weka dawa. Barafu isiiguse, maana insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka.

(Daktari anashika kipimo.)
Sai peke yake ni zaidi ya kilomita 3, na kutembea kunashusha sukari. Mzee apime kabla ya kuanza. Ikisoma chini ya 5, ale kwanza. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi au ikisoma chini ya 4, asimame: sukari vijiko 3 vya chai kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Ihramu haimzuii kula.

(Karibu: kandambili ndani ya mfuko wa kitambaa.)
Hizi asiziache mlangoni pa msikiti. Wengi hawazipati tena, wakatembea peku kwenye lami ya mchana. Mguu uliokufa ganzi hauhisi unaungua. Jioni ndipo malengelenge yanaonekana. Mwanamume akiwa kwenye ihramu havai soksi, kwa hiyo akague nyayo kila usiku kwa kioo kidogo.

Ihramu yenyewe nayo iwe humu, kwani akitua Jeddah moja kwa moja, mikati inapitwa angani.

Na rukhsa ajifunze kwa sheikh wake kabla ya safari: tawafu kwa kiti cha magurudumu, na kumwakilisha mtu katika kurusha vijiwe akishindwa. Wazee wetu wengi hujilazimisha kwa kudhani Hija itapungua. Huyo mwakilishi, ambaye naye awe anahiji, wakubaliane naye hapa hapa, siku ile anapolipa madeni na kuandika wasia.