Dereva hodari wa breki ndiye ananitia wasiwasi

Kila tunapowaandikia mameneja wa magari wa kampuni za hapa Kampala kuhusu mafunzo ya madereva wao, jibu ni lile lile: "Mwalimu, vijana wangu ni wazoefu. Wafundishe tu breki za dharura, na gari likiteleza wafanyeje." Wiki hii limekuja tena, basi acha nijibu mara moja kwa wote.

Breki za dharura nafundisha, na hazina maajabu. Gari likiwa na ABS unakanyaga kwa nguvu zote, huachii hata pedali ikitetemeka mguuni, na usukani unaendelea kuuongoza. Basi. Dereva anayezihitaji kila wiki, kosa lake limetangulia mguu.

Chukua pikapu ya kampuni inakwenda Masaka kwa kilomita 80 kwa saa, mita 15 nyuma ya trela, dereva akivizia nafasi ya kupita. Anachokiona ni milango ya trela tu. Mbele kuna lori limeharibikia barabarani, limewekewa matawi ya miti kama ilivyo desturi yetu. Mwenye trela anakwepa zikiwa zimebaki mita 20, na hapo ndipo mwenye pikapu analiona. Jumlisha mita 15 za nafasi, 16 hivi za urefu wa trela na hizo 20: ana mita 51. Kwa mwendo huo gari linakula mita 22 kila sekunde. Mtu aliyeshtukizwa huchukua kama sekunde moja na nusu kabla breki hazijaanza kushika, kwa hiyo mita 33 zimeshakwenda. Zimebaki 18, na kwenye lami kavu, kwa tairi nzuri, breki zenyewe zinataka kama 35. Anaingia kwenye lile lori akiwa bado na kilomita 55 kwa saa. Uzoefu wa miaka 20 haumwongezei hata mita moja.

Sasa mrudishe nyuma mpaka awe sekunde 3 nyuma ya trela, yaani mita 67 hivi. Lori analiona likiwa mita 103 mbele, na anasimama na nafasi ya kutosha kuwasha hazadi bila kutetemeka mikono. Dereva ni yule yule, breki ni zile zile.

Kuzipima sekunde 3 hakuhitaji chombo. Nyuma ya gari la mbele ikipita nguzo, anza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha au pikapu ikiwa na mzigo, ongeza.

Hapo ndipo ninapokatizwa darasani: "Mwalimu, hii ni Uganda. Ukiacha nafasi, teksi inaingia." Ndiyo, inaingia! Iache iingie, kisha punguza kidogo mpaka nafasi irudi. Kila gari linaloingia linakuchelewesha sekunde 3 hivi. Yakuingilie magari 20 kati ya Kampala na Masaka, umepoteza dakika moja, na hiyo utaimaliza kwenye foleni ya Kyengera kabla hujakohoa. Kinachouma si muda, ni ile hisia kwamba umedharauliwa. Nimekaa na madereva watu wazima kabisa, wapole, wanaokasirikia teksi kana kwamba imewaibia shamba. Huko ndiko muda wangu mwingi wa mafunzo unakokwenda, wala si kwenye pedali.

Kuhusu kuteleza, mimi sina hamu ya kulifanya darasa kubwa. Norway waliwahi kulazimisha mafunzo hayo, na vijana wa kiume waliofunzwa wakazidi kupata ajali kwenye barabara zenye utelezi. Walitoka wakijiona mabingwa.

Na kozi yangu nayo naitilia shaka. Siku moja darasani hufifia baada ya miezi michache, hasa kama ofisini bado kuna mtu anayepiga simu kuuliza "umefika wapi?" Hata ripoti ya traka, ile inayohesabu breki kali za kila gari, inadanganya. Breki kali nyingi ni dalili nzuri ya dereva anayebandika gari lake mgongoni mwa la mbele, lakini mwenye bahati anaweza kubandika mwezi mzima bila alama hata moja. Ukianza kukata posho kwa kila breki kali, utampata anayesita kukanyaga siku inayompasa kukanyaga.

Kwa hiyo, bosi, usinitumie orodha ya majina kwanza. Nitumie ratiba ya safari, na saa ambayo mzigo huwa unatoka geti. Kisha nipe kiti cha abiria kwenye safari ya kawaida, siku ya kazi. Nitanyamaza na kuhesabu nguzo, na tukirudi nitakuambia nani aanze.