Kiapo cha majina mawili si kubadili jina

Kuna hati mbili ambazo watu wa Kisumu na Kakamega huzichanganya kila mwanamke anapoolewa. Hati ya kubadili jina, ambayo mawakili huiita didi poli, huliacha jina la zamani. Hati ya kiapo, yaani afidaviti, huthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Lakini siku hizi kila karatasi yenye muhuri wa wakili inaitwa didi poli.

Sheria ya Kenya haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Hata mila ya Wajaluo haikuhitaji hivyo: aliyezaliwa Alego akaolewa Seme ataitwa Nyar Alego, yaani binti wa Alego, hadi uzeeni. Jina la mume kukaa mahali pa tatu, palipokuwa jina la baba, limekuja na shule, kanisa na kitambulisho.

Tuseme cheti cha KCSE kinasema Caroline Achieng' Ouma. Ameolewa, akapeleka cheti cha ndoa, kitambulisho kipya kikatoka na Caroline Achieng' Odhiambo. Nambari ya kitambulisho ni ile ile, lakini cheti cha shule hakifuati ndoa. Kinabaki na Ouma. Mwajiri akiuliza Ouma ni nani, kinachotakiwa ni kiapo tu. Anaapa mbele ya Kamishna wa Viapo kwamba majina yote mawili ni yake, anaambatisha nakala za kitambulisho, cheti cha KCSE na cheti cha ndoa, na kila nakala inatiwa alama na muhuri. Asitie sahihi nyumbani. Sahihi inatiwa kamishna akiona. Majina nayo yanakiliwa herufi kwa herufi. Cheti kikiwa na Achieng bila kibainishi, kiapo kitaje na hiyo, la sivyo karani atauliza huyo wa tatu ni nani.

Sasa fikiria Caroline huyo huyo ameambiwa “leta didi poli” akatii. Hati hiyo husajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukisoma matangazo hayo, utaona mwenye jina ametangaza kwamba ameliacha kabisa jina lake la awali. Yaani amelipia wakili na tangazo ili kulikana jina lililo kwenye vyeti vyake vyote vya shule, na ndoa ikivunjika akitaka kurudia Ouma, ataanza upya njia ile ile. Aliyeolewa kimila bila kusajili ndoa ndiye husukumwa huko zaidi, kwa kuwa hana cheti cha ndoa cha kuonyesha. Kwake dawa ni kusajili ile ndoa kwanza. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe pia.

Kwa hiyo karani akitaja didi poli, muulize kwa upole: unataka niliache jina la baba, au nithibitishe tu kwamba huyu wa kwenye cheti ni mimi? Mara nyingi anataka hilo la pili.