Kwa nini ni "waandishi" lakini si "waalimu"

Kila tarehe 7 Julai inapokaribia, Siku ya Kiswahili Duniani, dawati letu la usanifu wa lugha hupokea mabango ya kukaguliwa, na pamoja nayo huja barua za lawama. Mwaka huu bango moja lilikuja limeandikwa: WAEKEZAJI, WANDISHI NA WAALIMU WOTE MNAKARIBISHWA. Tulizungushia maneno matatu wino mwekundu. Aliyelileta akauliza, kwa haki kabisa, kwa nini "wandishi" limekataliwa kwa kupungukiwa "a" na "waalimu" kwa kuzidisha "a".

Lugha za Kibantu hazipendi irabu mbili zikutane pale kiambishi kinapogusa shina. Zina njia kadhaa za kuepa hilo. Ya kwanza ni "u" au "i" kugeuka "w" au "y": mu- na -ana hutoa mwana, vi- na -ombo hutoa vyombo. Ya pili ni irabu moja kudondoka: wa- na -ana hutoa wana, wa- na -enzi hutoa wenzi. Ya tatu ni irabu mbili kuyeyukiana na kuzaa nyingine: wa- na -ingi hutoa wengi, ma- na -ino hutoa meno. Kizulu hufanya hili la tatu wazi kuliko sisi: na- na inkosi hutoa nenkosi, na- na umuntu hutoa nomuntu.

Mkanganyiko unaanzia hapo. Watu husoma kanuni hizi wakadhani ni sheria za barabarani, zinazomkamata kila apitaye. Sivyo. Kwa majina ya watu, umoja hufuata kanuni karibu kila mara: mwandishi, mwalimu, mwizi, mwimbaji. Ni wingi unaochagua, na kwa kawaida huchagua kwa kuangalia kama kitenzi bado kinasikika ndani ya jina. Ndani ya mwandishi tunasikia andika, kwa hiyo shina hulindwa na irabu zote mbili hubaki: waandishi. Ndivyo ilivyo kwa waamuzi, waimbaji, waigizaji, na hata waaminifu, ingawa amini ni neno la Kiarabu. Ukiandika "wembaji" kwa kufuata wengi, umefuata kanuni na umepotea.

Mwalimu ni kisa kingine. Neno limetoka Kiarabu, muallim, na ile mu- ya Kiarabu ikasikika kama mu- yetu. Hakuna kitenzi "alima" cha Kiswahili cha kulinda "a" ya shina. Neno likapita njia ya mwana na wana, likawa walimu. "Waalimu" lina mantiki, na wanaoliandika si wajinga (naomba wale wanaotuandikia kwa herufi kubwa wasome sentensi hii mara mbili), lakini kwenye maandishi sanifu tunarudisha walimu.

Mwizi na wezi vinavunja kipimo hiki, kwa kuwa iba bado ni kitenzi hai. Ni umbo la kale lililoganda, likariri lilivyo. Kwa upande wa pili, majina ya mataifa na dini hayayeyuki kamwe: Mwitalia na Waitalia, Mwislamu na Waislamu.

Neno lililobaki la bango, "waekezaji", ndilo linalotuchosha zaidi. Mwekezaji halina irabu zinazokutana. Kitenzi ni wekeza, kutoka weka. "W" ni ya shina, na kiambishi ni m- tu. Wingi wake ni wawekezaji. Linganisha na mwelekezi, la elekeza, ambalo "w" yake imezaliwa na mu-. Wingi wake ni waelekezi. Kwa sikio maneno hayo yanaanza sawasawa. Ndiyo maana tunasema: kabla hujaandika wingi, tamka kitenzi. Ukisema wezesha, andika wawezeshaji. Ukisema winda, andika wawindaji. Ukisema endesha, andika waendeshaji.

Kuhusu utaratibu, maana maswali ni mengi: andiko huletwa nakala mbili, zimeachwa nafasi kati ya mistari. Msomaji wa kwanza huzungushia, wa pili huthibitisha, kisha nakala moja hurudi kwa mwenyewe. Kosa lililozungushiwa mara moja halizuii muhuri. Likirudi lilelile baada ya masahihisho, andiko huondolewa kwenye foleni na kuanza upya, na hapo hatusikilizi hoja ya kwamba mchapaji ameshalipwa. Maumbo ya lahaja, kama mwengine na vyengine ya Unguja, hatuyazungushii katika mazungumzo ya wahusika wa hadithi. Katika bango la tangazo tunaweka mwingine na vingine.

Bango lile lilirudi baada ya siku mbili. Fundi alikuwa ameongeza "w" na "a" kwa rangi mpya, na kwenye "waalimu" amefuta "a" ya pili ikabaki nafasi tupu: WA LIMU. Tukazungusha tena.