"Hawakuwa na hati ya mahakama, kwa hiyo mzigo utarudi wenyewe": dhana potofu kuhusu mali iliyokamatwa na forodha

Kila mteja anayekuja na kesi ya mzigo uliokamatwa huanza na sentensi ileile: "Waliingia ghalani bila hati, hawana kesi." Halafu ukimuuliza mzigo umekamatwa lini, anajibu miezi miwili iliyopita. Hapo ndipo penye kuudhi. Swali la hati lingeweza kujadiliwa mahakamani hadi mwakani, lakini muda wa kudai mzigo ulishakwisha mwenye mali akiwa anabishana na watu wasiohusika.

Tuanze na hiyo hati. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ina njia mbili za kuingia kwenye jengo. Kifungu cha 157 kinamruhusu afisa forodha kuingia na kupekua, mchana au usiku, hata kwa kuvunja mlango, bila kupita kwa hakimu, ilimradi ana sababu za msingi za kuamini kwamba ndani mna mali inayostahili kutaifishwa au nyaraka za mali isiyolipiwa ushuru. Kifungu cha 158 ndicho cha hati: afisa anaapa mbele ya hakimu, naye hakimu anatoa kibali. Kukosekana kwa hati peke yake hakuufanyi upekuzi kuwa haramu. Cha kuhoji ni sababu za msingi. Walikuwa na taarifa gani? Ilihusu ghala hili au mtaa mzima? Je, walikuja kubahatisha tu, wakiona kitu ndipo watafute sababu?

Kwa hiyo wakibisha hodi, usiufunge mlango, kwa maana kumzuia afisa ni kosa linalojitegemea, na ukilitenda unawapa kesi ambayo hawakuwa nayo. Omba vitambulisho, andika majina, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mwite mwenyekiti wa mtaa au jirani ashuhudie. Kabla hujasaini orodha ya vilivyochukuliwa, hesabu. "Katoni za nguo" si orodha. "Katoni 120 za vitenge, alama fulani, namba fulani" ndiyo orodha. Wakikataa kuandika hivyo, saini huku umeandika pembeni kwa mkono wako kwamba idadi haikuhesabiwa mbele yako.

Sasa dhana inayowagharimu watu kuliko zote: "Nasubiri barua yao."

Kifungu cha 214 kinamtaka afisa atoe notisi ya maandishi, yenye sababu, ndani ya mwezi mmoja tangu kukamata. Lakini wajibu huo haupo kama mali ilikamatwa mwenyewe ukiwepo. Ulisimama pale, ukaona katoni zikipakiwa kwenye lori, basi kisheria umeshajua. Hakuna barua itakayokuja, na siku zako zimeanza kuhesabiwa jioni ile ile. Una mwezi mmoja kumpelekea Kamishna wa Forodha madai ya maandishi kwamba mali ni yako na unaidai. Ukipita bila madai, na hakuna mtu aliyeshtakiwa kwa kosa lenyewe, mali inahesabiwa imetaifishwa. Hakuna hakimu anayekaa kuamua. Kalenda ndiyo inayoamua.

Chukua mfano. Vitenge vinakamatwa ghalani Mbeya tarehe 3 Machi. Mwenye mali yupo Dar es Salaam, hivyo anaandikiwa notisi tarehe 20 Machi. Mwezi wake unahesabiwa kuanzia notisi, kwa hiyo mwisho ni 20 Aprili. Angekuwepo ghalani, mwisho ungekuwa 3 Aprili. Tuseme anawasilisha madai 14 Aprili. Hapo jukumu la kuchukua hatua linahamia upande wa pili, kwa sababu kifungu cha 216 kinampa Kamishna miezi miwili, yaani hadi 14 Juni, kufanya moja kati ya mawili: afungue mwenyewe shauri la kutaifisha, au amwandikie mdai amtake yeye afungue shauri la kurejeshewa. Asipofanya lolote, mali inapaswa kuachiwa kwa mdai, isipokuwa kama ni bidhaa iliyopigwa marufuku au yenye vizuizi. Akiandika tarehe 2 Juni kumtaka mdai aende mahakamani, mdai ana hadi 2 Agosti. Akilala tena, mzigo umekwenda.

Madai yenyewe hayahitaji ufasaha. Jina na anwani, tarehe na mahali pa kukamatwa, maelezo ya mali yanayolingana na orodha, namba ya notisi kama ipo, na sentensi moja iliyo wazi kwamba unadai mali hiyo chini ya kifungu cha 214. Yaelekeze kwa Kamishna, si kwa afisa unayemfahamu kituoni. Peleka nakala mbili na usiondoke bila mhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako. Ujumbe wa WhatsApp kwa "bosi wa pale" si madai, hata akikujibu "tunalishughulikia".

Wapo wanaosema watakwenda moja kwa moja Mahakama Kuu kuomba uamuzi wa kukamata utenguliwe. Njia hiyo ipo, na kwa ukamataji uliofanywa na mtu asiye na mamlaka kabisa ndiyo inayofaa. Ila Kenya, Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015 inataka umalize kwanza njia za kulalamika zilizo nje ya mahakama, isipokuwa mahakama ikuruhusu kuziruka. Kwa hiyo peleka madai kwanza, mahakama baadaye. Hayazuiani.

"Upekuzi ukiwa haramu, ushahidi wote unatupwa." Hapana. Ibara ya 50(4) ya Katiba ya Kenya inautupa ushahidi pale ambapo kuupokea kungeharibu haki ya kesi au kudhuru utoaji haki. Tanzania nako sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaiachia mahakama ipime. Na hata ukishinda hoja hiyo, kifungu cha 223 cha ile sheria ya forodha kinabaki: anayedai mali ndiye anayethibitisha kwamba iliingia kihalali na ushuru ulilipwa.

Ndiyo maana "nina risiti ya EFD" haitoshi. Risiti hiyo inaonyesha uliuziwa na nani. Haionyeshi mzigo ulipita mpaka gani. Ukinunua jumla Kariakoo, muombe muuzaji nakala ya tamko la forodha, na ulinganishe aina na idadi kabla hujalipa.

"Nitasaini, nilipe faini, nichukue mzigo, halafu niwashtaki." Hii ni mbaya kuliko zote baada ya ile ya kusubiri barua. Kumalizana na Kamishna chini ya kifungu cha 219 kunahitaji ukiri kosa kwa maandishi na uombe mwenyewe limalizwe hivyo. Amri inayotolewa ni ya mwisho, haina rufaa, na inaweza kujumuisha kutaifishwa kwa mzigo uleule uliodhani unaununua. Soma aya ya amri inayohusu mali kabla ya kusoma kiasi cha faini.

"Nikishinda nitalipwa fidia." Mzigo, ndiyo. Fidia na gharama ni jambo jingine, kwa sababu afisa aliyekuwa na sababu za msingi analindwa hata kama alikosea. Ndiyo maana ile karatasi uliyoandika majina na saa siku ya upekuzi ina thamani. Itaonyesha waliuliza nini, walifungua nini kwanza, na kama walikuwa wanajua wanachokitafuta.