Faiba, mbao au alumini: anza kwa kukagua matundu ya bolti

Mvuvi akija kuniuliza anunue boti ya aina gani, mara nyingi huwa ameshaambiwa kwamba faiba haiozi, mbao inaoza na alumini haishiki kutu. Maneno hayo yote yana ukweli ndani yake, na yote yameshawatia watu hasara. Maji ya chumvi hayaanzi kuila boti katikati ya ubavu uliotengenezwa vizuri. Yanaanzia pale fundi alipotoboa: tundu la msumari, tundu la skrubu, tundu la bolti. Kwa boti za mita 6 hadi 8 zinazotoka Kunduchi, Msasani na Kigamboni, hapa Dar es Salaam, matundu yanayoleta balaa kuliko yote ni yale ya bolti za mashine, kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Ukielewa kinachotokea pale, umeshajua sehemu kubwa ya tofauti kati ya faiba, mbao na alumini.

Nianze na mbao. Wengi wanaamini chumvi ndiyo inayoiozesha. Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu hawastawi kwenye chumvi. Wanachokitaka ni maji ya mvua yaliyotuama ndani ya chombo kilichopandishwa pwani wakati wa masika, kikakaa wiki kadhaa bila kufunikwa. Ndiyo maana dau lililozeeka huoza kwa juu na kwa ndani, huku mbao zinazozama kila siku zikiwa bado ngumu. Kazi ya chumvi ni kula misumari. Msumari ukishika kutu huvimba na kuupasua ubao kidogo, maji yanapita pembeni yake, kisha mbao inayouzunguka inageuka nyeusi na kulainika. Unaponunua chombo cha mbao kilichotumika, usihangaike na rangi. Chukua bisibisi, ukandamize pembezoni mwa vichwa vya misumari. Ikizama bila ubishi, umeshapata jibu.

Hatari nyingine kwa mbao ni yule mdudu wa baharini anayetoboa kutoka nje. Watu humwita mnyoo, lakini ni ndugu wa kome na chaza. Huingia akiwa mdogo mno kupitia kitundu kama cha pini, halafu hukua akiwa ndani ya ubao na kuchimba njia zenye utando mweupe wa chokaa. Nje ubao unaonekana mzima, ndani umebaki matobo. Dawa yake wazee waliijua zamani: kukipandisha chombo mara kwa mara, kukiacha kikauke, kukibabua chini kwa moto wa makuti, kisha kukipaka mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Dawa hiyo inafanya kazi mpaka leo, mradi usiruke zamu.

Sifa kubwa ya mbao ni matengenezo. Ubao mmoja ukiharibika unatolewa huo mmoja, mwingine unachongwa, pamba inasokomezwa kwenye maungio kwa kalafati, na chombo kinarudi majini. Fundi yupo pwani hapo hapo na vifaa vyake viko kwenye kapu. Lakini ukifunga mashine kubwa nyuma, mtikisiko unalegeza misumari na kalafati ya tezi siku hadi siku. Chombo cha tanga kwa mbao ni sawa kabisa. Chombo cha hospawa 40 kwa mbao kinataka tezi iliyojengwa upya kwa ajili ya mashine, tena kwa bolti.

Sasa faiba, ambayo ndiyo inayoniletea kazi nyingi. Hili wanunuzi wengi hawaambiwi: boti nyingi za faiba zina mbao ndani. Ubavu ni faiba tupu, lakini tezi inayobeba mashine ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba mbele na nyuma. Tezi inapotobolewa kwa bolti nne za mashine, mbao inabaki wazi ndani ya kila tundu. Kinga pekee ni silikoni iliyopakwa siku ya kwanza. Mashine inatikisika, silikoni inaachia, maji yanaingia, na hayana pa kutokea. Plaiwudi inaoza ikiwa imefungiwa ndani ya ganda linalong'aa.

Chukua mfano wa boti moja ya mita 7 kutoka Kunduchi niliyoitengeneza. Nahodha alilalamika kwamba mashine inainama nyuma akikoleza mwendo, akadhani tatizo ni mabano ya mashine. Nikagonga tezi kwa mpini wa nyundo kuanzia pembeni kuelekea katikati. Pembeni mlio ulikuwa mkali. Karibu na bolti za chini ulizizima. Nikatoboa kwa ndani tundu la milimita 6 pale palipozizima, na kwenye keekee ukatoka ungaunga wa kahawia uliolowa, wenye harufu ya uvundo. Mbao nzima hutoa vumbi kavu la rangi hafifu.

Tukaishusha mashine. Nikakata ganda la ndani kwa grainda na kuacha ukingo wa kutosha pande zote ili pawe na pa kuungia. Mbao iliyooza tuliitoa kwa patasi na mikono. Hatua iliyofuata ndiyo inayorukwa na wengi: kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tena na tena. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu kutoka hewani, na kwa hewa ya Dar es Salaam sehemu hiyo haitakauka hata ukiianika mwezi mzima. Baada ya kuosha tuliiacha chini ya turubai lililoinuliwa ili upepo upite. Kujua kama pamekauka ni rahisi: bandika kipande cha nailoni angavu, ziba kingo zake zote kwa utepe wa gundi, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, bado. Boti ile ilichukua zaidi ya wiki, na nahodha alinisukuma kila siku. Nilimwambia, "Kaka, nikifunga leo nafungia maji." Resini, ule uji unaogandisha faiba, ikipakwa juu ya unyevu haishiki, inakaa kama ngozi tu.

Mbao mpya ilikuwa vipande viwili vya plaiwudi ya baharini ya milimita 18 vilivyogandishwa pamoja. Usiweke ubao mzima wa mninga ukidhani ni imara zaidi. Ubao mzima hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, na mwendo huo huubandua kutoka kwenye faiba. Gundi niliyotumia ni epoksi, kwa sababu resini ya kawaida ya poliesta haiishiki mbao vizuri.

Kwenye kufunga ganda, kumbuka kwamba resini mpya haiungani yenyewe na faiba ya zamani iliyokwisha kukomaa. Inashika mikwaruzo. Kwa hiyo ukingo lazima usagwe kwa msasa mkali mpaka mng'ao wote uishe, tena kwa mteremko: ganda lenye unene wa milimita 6 linataka mteremko wa karibu sentimita 7, yaani mara 12 ya unene. Kiraka kilichobandikwa juu juu bila mteremko hubanduka kwa pembeni, na huo ndio ubovu ninaoukuta kwenye viraka vingi vya pwani. Ukisaga, vaa barakoa na mikono mirefu, maana vumbi la faiba linaumiza mapafu na ngozi.

Resini ya poliesta huchanganywa na katalisti, dawa ya kuikomaza, kati ya asilimia 1 na 2. Kwa joto letu mimi hubaki karibu na 1, yaani gramu 10 kwa kilo moja ya resini, na huifanya kazi hiyo asubuhi, kivulini. Fundi akizidisha ili amalize haraka, resini inachemka kwenye ndoo na kiraka kinakuwa kikavu cha kuvunjika. Akipunguza mno chini ya 1, haikomai kamwe, ukiigusa kwa kucha inabonyea. Tabaka moja la mati ya faiba ya gramu 450 kwa mita ya mraba hukupa unene wa karibu milimita 1, kwa hiyo milimita 6 ni tabaka sita, kila moja ikikandamizwa kwa rola mpaka mapovu meupe yatoke.

Kisha yale matundu ya bolti, chanzo cha yote. Bolti ni ya milimita 12. Nilitoboa tundu la milimita 20, nikalijaza epoksi iliyokolezwa unga mpaka ikawa nzito, nikaiacha ikomae, halafu nikatoboa tena milimita 12 katikati yake. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi, na maji yakipenya hayaigusi mbao. Kama unaagiza boti mpya ya faiba, mwambie mtengenezaji afanye hivi kabla hajafunga mashine. Ni kazi ya siku mbili ukihesabu na kusubiri ikomae, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kubadilisha tezi.

Alumini nitaipitia kwa ufupi kwa sababu pwani yetu ni chache. Sahani inayofaa baharini ni aina ya 5083, ambayo hujikinga kwa utando mwembamba unaojitengeneza wenyewe inapokutana na hewa. Haihitaji hata rangi. Adui yake ni metali nyingine. Bolti ya stenlesi ikigusana na alumini huku maji ya chumvi yakiwa katikati, hapo pameshakuwa betri, na kinacholika ni alumini. Utauona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, na rangi ikifura kama lengelenge. Kinga yake ni washa na bomba za plastiki zinazotenga bolti na sahani, pamoja na siilanti. Shaba ni mbaya zaidi: rangi ya chini yenye shaba, inayofaa kwa mbao na faiba, usiipake kwenye alumini hata kidogo, wala usiache vipande vya waya wa shaba sakafuni mwa boti.

Kuitengeneza ndiyo shida. Utando wa alumini huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 wakati metali yenyewe huyeyuka kwenye 660, kwa hiyo mashine ya kawaida ya kuchomelea mageti haifai. Inatakiwa mashine ya gesi ya agoni, sehemu kavu isiyo na upepo, na sahani iliyosuguliwa kwa brashi ya stenlesi isiyotumika kwenye chuma. Mafundi hao wapo mjini, ila boti lazima ipandishwe kwenye gari ili ifike kwao. Na hata kazi ikiwa safi, sahani pembeni ya mshono hulainika kwa joto, kwa hiyo usikubali mshono upite pale mashine inapobeba uzito.

Kwa mvuvi wa Kunduchi anayepandisha boti mchangani na kufunga hospawa 15 hadi 40, mimi namshauri faiba, kwa sharti kwamba matundu ya tezi yamejazwa epoksi. Kwa anayevua karibu kwa tanga au kasia, mbao, mradi awe na turubai la kufunika masika na asiruke zamu ya kukibabua chombo. Alumini nampa mwenye mtambo wa kuchomelea wa kwake au aliye na mkataba na fundi. Na kama boti ya faiba unayoitazama ni ya mkono wa pili, muombe muuzaji afungue bolti moja ya chini ya mashine, uingize kijiti kikavu ndani ya tundu na ukitoe, uone kama kimelowa. Akikataa kuifungua, hesabu bei yake kama boti inayotaka tezi mpya.