Kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo: hesabu ya kufanya kabla hujaipokea

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha hapa Mwanza, nyingi zikiwa Kiseke, Buswelu na Nyegezi. Swali ninaloulizwa na wenye nyumba kuliko yote ni hili: mpangaji anataka kulipa miezi kumi na miwili mara moja ila anaomba apunguziwe, nimkubalie? Wengi wanaponiuliza huwa wameshakubali moyoni, kwa sababu pesa ya mkupuo ina nguvu yake. Naomba kabla ya kutia sahihi tukae na kalamu kwanza.

Kodi ya mbele ni mkopo. Mpangaji anakukopesha pesa ya miezi ambayo hajaikaa bado, nawe unamlipa kidogo kidogo kwa kumwachia nyumba yako kila mwezi. Punguzo analoomba ndiyo riba ya mkopo huo. Ukishaiona hivyo, swali linabadilika: riba hii ni asilimia ngapi, na je, ningeipata pesa hiyo kwa bei nafuu zaidi kwingine?

Chukua nyumba ya 250,000 kwa mwezi. Mpangaji anasema atalipa mwaka mzima, lakini umwachie mwezi mmoja. Yaani akupe 2,750,000 badala ya 3,000,000. Wengi hugawa 250,000 kwa 3,000,000 wakapata asilimia 8 na kidogo, wakaona ni nafuu kuliko benki, ambako riba za mikopo zimekuwa zikizunguka asilimia 15 kwa mwaka. Hapo ndipo hesabu inapopotoka. Kodi ya mwezi wa kwanza ungeipata siku anayoingia, hata kama angelipa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo hiyo si mkopo. Itoe. Alichokukopesha ni 2,500,000, na badala yake unaachia miezi kumi na mmoja yenye thamani ya 2,750,000. Riba ni 250,000 juu ya 2,500,000, sawa na asilimia 10. Tena hukukaa na pesa yote mwaka mzima. Kodi ya mwezi wa pili umeipata mwezi mmoja mapema, ya mwezi wa kumi na mbili miezi kumi na mmoja mapema. Wastani wake ni miezi sita. Asilimia 10 kwa miezi sita ni asilimia 20 kwa mwaka.

Asilimia 20 inaweza kuvumilika. Hakuna ada ya mkopo, hakuna hati inayowekwa rehani, na huhangaiki kudai kodi kila tarehe moja. Mwenye nyumba mwenye shughuli ya kweli ya kuifanyia pesa hiyo simzuii.

Sasa angalia miezi sita, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Mpangaji anasema: kwa mwaka ungenipunguzia mwezi mmoja, basi kwa miezi sita nipunguzie nusu mwezi. Inasikika ni haki kabisa. Analipa 1,375,000 badala ya 1,500,000. Toa mwezi wa kwanza: amekukopesha 1,125,000, nawe unamwachia miezi mitano ya 1,250,000. Riba ni 125,000, zaidi kidogo ya asilimia 11, na wastani wa muda ni miezi mitatu tu. Kwa mwaka hiyo inakaribia asilimia 45. Punguzo lile lile kwa uwiano, lakini gharama yake imezidi mara mbili, kwa sababu pesa umeikalia muda mfupi.

Kwa hiyo punguzo la miezi sita halipaswi kuwa nusu ya punguzo la mwaka. Linapaswa kuwa kama robo yake. Kwa nyumba hiyo ya 250,000, nikichukulia kwamba pesa ina gharama ya asilimia 15 kwa mwaka, punguzo la haki kwa miezi kumi na miwili linakuja karibu 195,000, na kwa miezi sita karibu 45,000. Mpangaji akishangaa kwa nini tofauti ni kubwa namna hiyo, mweleze kwa utaratibu kama nilivyoeleza hapo juu. Mtu mwelewa huafiki.

Hiyo ni bei ya pesa. Kuna bei ya mpangaji mwenyewe, na kwangu hii ina uzito zaidi.

Mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi, au miezi mitatu mitatu, unakutana naye mara kwa mara. Akiwa na matatizo unajua mapema. Anayelipa mwaka anapotea machoni mwako, na pesa yake hukufanya uache kuuliza maswali uliyopaswa kuuliza. Nimeona nyumba ya vyumba vitatu upande wa Pasiansi iliyokodishwa kwa mfanyabiashara wa dagaa wa mwaloni wa Kirumba. Dagaa wetu wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa haung'ai, kwa hiyo pesa ya biashara hiyo huja kwa vipindi, na mtu akiwa nayo huona bora alipe nyumba mwaka mzima asiwaze tena. Ni sababu ya kweli wala si ya kutilia shaka. Tatizo ni kwamba vyumba viwili viligeuzwa stoo. Magunia yalipangwa hadi karibu na dari, chumvi na mafuta ya dagaa vikaingia kwenye plasta, na jipsamu ya dari ikanyonya harufu. Mwenye nyumba alikuja kujua mwaka ulipokwisha. Kupaka rangi hakukutosha. Dari ilibidi ing'olewe, na ukuta ukwanguliwe mpaka kwenye tofali. Punguzo alilotoa lilikuwa dogo ukililinganisha na gharama hiyo.

Dalili ya kuangalia ni haraka. Mtu anayetaka kulipa mwaka bila kuuliza maji ya MWAUWASA yanatoka siku ngapi kwa wiki, bila kufungua bomba wala kuuliza luku ni ya peke yake au ya kushea, huyo huenda haji kuishi. Muulize anafanya kazi gani, alikuwa anakaa wapi, na umpigie mwenye nyumba wake wa zamani. Pia angalia jina la aliyetuma pesa benki. Likiwa la mtu mwingine au la kampuni, mkataba uandikwe kwa jina la anayelipa, la sivyo siku ya mgogoro utakuwa na watu wawili wanaodai nyumba moja. Mpangaji akiwa kampuni au shirika, kumbuka pia kwamba atakata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA, na kwa malipo ya mwaka inakatwa yote kwa mara moja. Kwenye 2,750,000 utaona 2,475,000. Dai cheti chake cha makato.

Halafu kuna kuondoka kabla ya muda. Mwanza ni mji wa watumishi: manesi, walimu, watu wa benki, na barua ya uhamisho haiulizi kodi imelipwa hadi lini. Mpangaji aliyelipa 2,750,000 akihama baada ya miezi mitano atarudi na hesabu yake: miezi saba kati ya kumi na miwili, nirudishie 1,604,000. Ukiwa hukuandika chochote, mtabishana mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi huandika hivi kwenye mkataba: punguzo ni la anayekaa miezi yote. Akiondoka mapema, miezi aliyokaa inahesabiwa kwa bei kamili, unaongezwa mwezi mmoja wa notisi, kisha kinachobaki anarudishiwa. Miezi mitano ni 1,250,000, notisi 250,000, anarudishiwa 1,250,000. Naandika pia muda wa kurudisha, siku 60 au mpangaji mpya akipatikana, kipi kitangulie. Sentensi hiyo ya mwisho inamlinda mwenye nyumba ambaye pesa imeshageuka saruji na nondo, na wengi wao ndivyo walivyo.

Mwezi uliopita nilikaa na mama mmoja mstaafu wa Kiseke. Wapangaji wapya, mume na mke, walitaka kulipa kumi kwa kumi na mbili: 2,500,000 wakae mwaka. Nilipomwamkia tu akanikatisha.

"Marahaba, baba. Wewe niambie tu niende benki kuangalia kama imeingia."

"Mama, hiyo pesa unataka kuifanyia nini?"

"Shimo la choo limejaa. Fundi anataka milioni moja na laki mbili, lile la zamani limetitia."

Nikamwonyesha kwenye karatasi. Miezi miwili ya bure ni 500,000. Ukitoa mwezi wa kwanza, anakopeshwa 2,250,000, na riba inapita asilimia 40 kwa mwaka. Kisha nikamuuliza kwa nini akope 2,250,000 wakati anahitaji 1,200,000. Miezi sita kwa bei kamili ni 1,500,000, shimo linajengwa na kinabaki. Akanyamaza kidogo akasema, "Lakini wakikataa, nyumba itakaa tupu."

Hofu hiyo ni ya haki, nayo ina hesabu yake. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja anapoteza 250,000, nusu ya punguzo lililoombwa. Kwa Kiseke, nyumba yenye maji na fensi kwa bei hiyo haijawahi kunichukua miezi miwili kupata mtu. Ingekuwa nyumba ya mbali na lami, ambako nyumba hukaa miezi mitatu bila mtu, ningemwambia akubali mwezi mmoja wa punguzo bila kusita.

Tukawarudishia jibu: miezi sita kwa 1,450,000, na wakitaka kuendelea, sita inayofuata kwa bei ile ile, wakiarifu mwezi mmoja kabla. Kwa upande wa mama hiyo ni kama asilimia 17 kwa mwaka. Mume alivuta kidogo kwenye simu, mke akauliza kama maji yanatoka kila siku, na siku ya tatu pesa ikaingia.

Ushauri wangu kwa mpangaji mpya ni huo huo karibu kila mara: miezi sita, punguzo dogo au hakuna kabisa. Mwaka mzima nauweka kwa mpangaji aliyekwisha kukaa angalau kipindi kimoja, ambaye umeingia ndani ya nyumba ukaona anavyoitunza. Kwa huyo hata mwezi mmoja wa punguzo si ghali, kwa sababu dari yake umeshaiona.